Saa nne itatukuta majini

Nilipoteza mnunuzi kwa meseji ya maneno matano. Ilikuwa mwezi wa 12, mbingu imeshaanza kukunja uso, na sisi akina mama wa kikundi tulikuwa na magunia ya mwani yamejaa stoo hapa Naumbu, upande wa pili wa ghuba ukitokea Mikindani. Mnunuzi alituma ujumbe kwamba atafika Alhamisi saa nne asubuhi kupima na kupakia. Mimi ndiye katibu, simu ya kikundi ninayo mimi. Nikajibu: "Saa nne haitawezekana kaka, tutakujulisha."

Sikuwa nimemkataa. Nilimaanisha kabisa kwamba nitaongea na wenzangu halafu nimpe saa nyingine. Nilipompigia jioni yake alikuwa ameshaahidi gari kwa kijiji kingine. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Mwani mkavu una chumvi, na chumvi inanyonya unyevu hata ukiwa chini ya bati, kwa hiyo ule mzigo uliokuwa mkavu wa kuvunjika mkononi ukalainika. Tukaushusha, tukauanika upya, sehemu ikapauka. Aliyekuja kuununua baadaye aliukatia kilo za maji na hatukuwa na la kumjibu.

Nilikaa na ile meseji muda mrefu nikijiuliza kosa liko wapi, kwa sababu niliiandika kwa adabu. Nikaja kuona kwamba adabu yenyewe ndiyo iliyomfukuza. Huku kwetu mtu hakwambii hapana usoni. Anakwambia "tutaangalia", "nitakujulisha", "inshallah nikijaaliwa", "ngoja niongee na wenzangu". Wote tumelelewa hivyo, na wote tunajua kusikia hapana iliyofichwa humo ndani. Sasa ukimjibu mtu kwa maneno laini bila kumtajia saa, yeye anasikia lile alilozoea kulisikia. Unaweza kuongeza "kaka", ukaongeza "samahani sana", ukaongeza na dua. Kadiri unavyolainisha ndivyo anavyozidi kuamini kwamba umekataa. Kinachomfanya ajue kwamba hujakataa ni saa uliyoitaja.

Wenzetu wa kikundi cha jirani walikwenda njia nyingine. Wao walisema "sawa" kwa saa isiyowafaa, wakitegemea kwamba mgeni mwenyewe atachelewa. Hakuchelewa. Alikuta watoto na mzee mmoja anayeshona wavu wa jarife. Akakaa na dereva wake juani, na alipoondoka hakurudi tena. Nikipewa nichague kati ya "tutakujulisha" yangu na "sawa" yao, sijui ningechagua lipi. Zote mbili zilimaliza biashara.

Niseme kwa nini saa nne inatushinda, maana asiyeishi na bahari anaweza kudhani ni uvivu wa asubuhi. Mwani tunaulima kwenye kamba zilizofungwa kwenye vigingi, sehemu ambayo maji yakikupwa vizuri unaweza kusimama. Maji hukupwa vizuri wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku chache zinazofuata. Kwenye pwani yetu siku hizo kina cha chini kabisa kinaangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi, halafu kila siku inayofuata kinachelewa kwa kama dakika 40 hadi 50. Tunaingia majini kama saa tatu kasoro, tunatoka saa saba maji yakianza kutufika kifuani. Humo ndimo tunamofunga mbegu kwa taitai, vile vipande vya kamba nyembamba, tunasafisha kamba na tunavuna uliofikisha wiki sita. Siku za maji mafu, yasipokupwa vya kutosha, tunabaki nchi kavu, na hapo mnunuzi akija saa nne atakuta hata chai. Lakini siku ya bamvua iliyopotea hairudishwi na kesho yake yote, maana dirisha lenyewe linasogea na baada ya siku chache linafungwa.

Mnunuzi naye ana bahari yake, ila yeye inaitwa gari. Hilo nililijua nikiwa nimechelewa, na ndilo lililonibadilisha.

Msimu uliofuata alikuja mnunuzi mwingine, kijana wa heshima anayekusanya mwani vijijini na kuupeleka kwenye ghala Lindi. Akatuma: "Shikamoo mama katibu. Naomba tupime mzigo Alhamisi saa nne asubuhi." Nikahesabu mwezi kwa vidole kama mama yangu alivyonifundisha. Alhamisi ingekuwa mwezi pili, yaani siku ya pili tangu mwezi kuandama, bamvua tupu. Saa nne na nusu bahari iko mbali na sisi tumo ndani yake.

Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, na nasimulia alichosema kwa sababu ndicho ambacho watu wengi husema. Alisema: "Yeye anataka saa nne, sisi tunaweza saa nane tukishaoga na kula. Mwambie saa sita, tumekata katikati." Kwa hesabu ni kweli, saa sita iko katikati ya nne na nane. Lakini saa sita sisi tungali majini, na yeye ameshachelewa saa mbili. Ingekuwa katikati isiyomfaa mtu yeyote, wote tumeumia na mzigo bado uko stoo. Nilimwambia: "Mama, tukimtajia saa ya katikati kabla hatujajua kinachombana tutakuwa tunabahatisha. Niache nimuulize." Akakubali, ila akanionya nisimweke kijana wa watu kwenye kusubiri. Alikuwa sahihi, ndiyo maana nilijibu hapo hapo, nikiwa bado nimesimama uani kwake.

Nilimwandikia hivi: "Marahaba mwanangu. Alhamisi hiyo hiyo tupo na mzigo upo, magunia 38 makavu. Saa nne itatukuta majini, ni bamvua, tunatoka saa saba mchana. Tunaomba upimaji uanze saa saba na nusu mchana. Gari lako linatakiwa liondoke hapa kijijini kabla ya saa ngapi?"

Kila sentensi pale niliipima. Nilianza na kile ninachokikubali, yaani siku na mzigo. Mtu anayesoma ujumbe kuhusu biashara yake anatafuta kwanza kama ipo au haipo, na akishaona ipo, mengine anayasoma kwa utulivu. Sikuandika "sawa, lakini". Lile "lakini" linafuta "sawa" iliyotangulia, na msomaji anarudi kule kule kwenye kukataliwa. Halafu sikusema "hatuwezi". Nilisema saa nne itatukuta majini. Wakati ndio unaotukuta, sisi hatujagoma. Na sababu niliitaja moja tu, fupi. Ukimpa mtu sababu tatu anaanza kuzishuku zote. Mimi mwenyewe nikisikia mtu anasema ana mgonjwa, na mvua, na simu haina chaji, najua hataki tu.

Kisha nikatoa saa kamili, saa saba na nusu mchana, nikaitanguliza "tunaomba". Nimeshaona watu wakiandika "tusogeze mbele kidogo" na kuiacha hivyo. Hiyo "mbele" ina hatari zake. Kwangu mimi kusogeza mbele ni kuchelewesha, lakini nina ndugu ambaye akisikia mbele anaelewa mapema zaidi, na tulishawahi kupishana naye stendi kwa ajili hiyo. "Kidogo" nayo kwa mmoja ni nusu saa, kwa mwingine ni hadi jioni. Ukitaja saa, unamwokoa mwenzako na kazi ya kukisia.

Na nikamaliza kwa swali, ila si "unaonaje?". Swali la "unaonaje" linamrudishia mtu mzigo wote, na jibu lake mara nyingi ni "basi tuache". Nilimuuliza kitu kimoja ambacho jibu lake ni saa. Nilichotaka kukijua ni kama saa nne yenyewe ndiyo anayoihitaji, au anaihitaji kwa sababu ya kitu kinachokuja baadaye. Watu wengi wanaotutajia saa ya kuanza wameipata kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kumaliza. Hiyo ya kumaliza hawaitaji.

Ndivyo ilivyokuwa. Alijibu ndani ya dakika chache: "Mama, lazima niondoke hapo saa tisa alasiri. Ghala linafungwa saa kumi na mbili, na kupima magunia yote na kupakia kunanichukua saa tatu." Akaongeza kwamba mwisho kabisa angeweza kuanza saa sita, zaidi ya hapo hawezi.

Hapo tulikuwa tumebakiza saa moja na nusu tu ya kubishania, kati ya saa sita yake na saa saba na nusu yangu. Tena sasa ilionekana wazi kwamba kinachotutenganisha ni yale masaa matatu ya kazi. Yakipungua, saa yake ya kuanza inaweza kuchelewa yenyewe.

Nilirudi kwa mwenyekiti na wenzangu wawili, tukakaa barazani tukayachambua. Gunia moja kulipandisha kwenye mizani, kusoma, kuandika na kulishusha ni kama dakika tatu. Magunia 38 ni karibu saa mbili. Kupakia ni kama saa moja. Mizani ya kikundi tunayo. Tukisema tupime wenyewe Jumatano jioni, tushone midomo ya magunia na kuandika kilo juu ya kila moja kwa maki, yeye atabaki na kuhakiki. Akichagua magunia manane kwa mkono wake, popote atakapo kwenye rundo, hiyo ni chini ya nusu saa. Ongeza kupakia na kuandikiana stakabadhi, tunakuwa ndani ya saa moja na nusu.

Mmoja wetu aliuliza kwa nini sisi ndio tupime usiku wakati mnunuzi analala. Lilikuwa swali la haki na sikulipuuza. Nilimjibu kwamba yeye naye anaacha kitu: anatuamini kwa magunia 30 ambayo hatayagusa, na gari linalala Mtwara nusu siku bila kazi. Tena anachagua mwenyewe ya kuhakiki, kwa hiyo tukidanganya atatukamata. Mwenzangu akasema basi na sisi tutoke majini nusu saa mapema, saa saba kasoro nusu badala ya saa saba, ili asitukute tunakamua kanga. Hilo mimi sikulifikiria, lilitoka kwake.

Nikaandika tena: "Mwanangu, tumekuelewa, saa tisa uwe umetoka. Tunaweza kupima wenyewe Jumatano jioni na kuandika kilo kwenye kila gunia. Ukifika uchague manane yoyote uyahakiki kwenye mizani yako. Hivyo ukianza saa saba mchana, saa nane na nusu umemaliza. Na ukikuta gunia lina kasoro, tutapima yote upya na siku hiyo tutakuwa tumekosea sisi."

Ile sentensi ya mwisho niliifikiria sana. Ukimsogeza mtu kwenye saa unayoitaka wewe, anabaki na wasiwasi kwamba likiharibika ataumia peke yake. Nikaubeba mimi ule wasiwasi kwa kusema wazi hasara itakuwa ya nani.

Alijibu na ombi dogo. Alitaka magunia kumi badala ya manane. Tukampa kumi papo hapo, bila kumwambia "basi na wewe". Dakika sita za ziada si kitu cha kugombania, na kumpa mtu kitu kidogo haraka kunamfanya asione kwamba amevutwa hadi kwenye saa yako. Kwa kweli katikati tuliyoipata ilikuwa karibu zaidi na saa yangu ya kwanza kuliko yake. Mkisoma meseji zote kwa mfululizo hamtaona mahali ambapo mmoja wetu alisema hapana.

Jumatano jioni tukapima kwa taa ya sola, tukamaliza baada ya swala ya isha. Alhamisi alifika saa saba kasoro dakika kumi. Gunia la saba kati ya yale kumi lilipishana nusu kilo na maandishi yetu, akacheka akasema nusu kilo ni kamba ya gunia. Saa nane na dakika 40 gari lilikuwa linapanda kilima.

Kulikuwa na kasoro moja ambayo ingetuharibia, na haikuhusu adabu. Siku ya Jumanne karani wake, ambaye sikuwahi kuongea naye, alituma ukumbusho kwenye kundi letu: "Alhamisi 13:00." Mwenzetu mmoja akasoma saa kumi na tatu, akacheka kwamba saa hiyo haipo, kisha akahitimisha kwamba ni kosa la kuandika, wamekusudia saa tatu. Angekwenda stoo saa tatu asubuhi akakosa bamvua. Wengine tunasoma saa za kompyuta, wengine za jua, na kwa tofauti hii ya saa sita mtu anaweza kupoteza siku nzima. Mbaya zaidi ni "10:00". Mmoja anasoma saa nne asubuhi, mwingine saa kumi alasiri, na zote mbili ni saa za kawaida za kazi, hakuna anayeshtuka. Tangu siku ile nikishakubaliana na mtu naandika kwa maneno na namba, "saa saba mchana, yaani 13:00", na namtajia siku pamoja na tarehe. "Alhamisi ijayo" siiamini tena, na "usiku wa Ijumaa" siigusi kabisa, kwa sababu kwa wazee wetu huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa na kwa watoto wetu ni Ijumaa yenyewe jioni.

Si kila saa ina katikati. Basi la Dar linaondoka alfajiri na halimjui mtu. Daktari bingwa akija hospitali siku moja kwa mwezi, unakwenda siku hiyo, kamba za mwani zitasubiri. Msimu mmoja afisa aliyetakiwa kutuletea mafunzo alitupa Ijumaa saa sita na nusu mchana. Nilimuuliza swali lile lile la kinachombana, akasema ana kikao kijiji cha pili saa nane na siku nyingine hana hadi mwezi ujao. Nusu ya kikundi chetu waume zao ndio wenye mitumbwi ya kutuvusha, na saa hiyo wako msikitini. Hapo nilimwambia moja kwa moja, siku hiyo hiyo: "Saa hiyo hatutaweza, mheshimiwa. Mwezi ujao siku yoyote kuanzia mwezi saba hadi mwezi kumi, saa yoyote ya asubuhi, tupo." Nilimtafsiria tarehe zake. Hiyo ilikuwa hapana, na niliona ni heshima zaidi aisikie mapema kuliko kumzungusha na "tutaangalia" hadi Alhamisi usiku. Alikuja mwezi uliofuata, tarehe nane ya mwezi wa Kiislamu, maji mafu.

Pia nimejifunza kuhesabu raundi. Nikishatoa saa mbili tofauti na mwenzangu akarudi kwenye ile ile ya kwanza bila kunieleza kinachombana, nanyamaza kuandika na nampigia. Kwenye maandishi saa nne ni saa nne tu. Kwenye simu unasikia kama anasema saa nne kwa sababu bosi wake yuko pembeni, au kwa sababu ndiyo iliyomjia kichwani. Mara moja nilipompigia mtu wa namna hiyo alisema, "Mama, mimi nilidhani nyinyi akina mama ndio mnapenda asubuhi."

Yule kijana wa Lindi bado anakuja. Wiki iliyopita alituma: "Shikamoo mama katibu, wiki ijayo maji yanakupwa saa ngapi? Nina nafasi Jumatatu au Jumanne." Jumanne ni mwezi tisa, tuko nchi kavu siku nzima. Nimemwandikia saa nne asubuhi, yaani 10:00.